Tangi Moja Zaidi: Maswali Yanayoonyesha Nani Ameelewa Kazi Nzima ya Kikundi

Wanafunzi watano wa mwaka wa pili walisimama mbele yangu na ripoti ya kurasa 34. Walikuwa wamesanifu mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwa shule ndogo ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma. Waliwasilisha vizuri. Kila mmoja alizungumzia sehemu yake kwa dakika tatu, akampisha mwenzake. Makofi yalipokwisha nilimgeukia aliyeshughulikia bei, nikamuuliza: "Shule ikipata fedha ya kununua tangi moja zaidi la lita 10,000, watoto watapata maji kwa siku ngapi zaidi?"

Akafungua jedwali lake na kunitajia bei ya tangi. Nikamwambia sijauliza bei, nimeuliza siku. Akamtazama mwenzake wa matangi. Yule wa matangi alikuwa mwepesi wa hesabu: shule inatumia lita 840 kwa siku, lita 10,000 gawanya kwa 840, karibu siku 12. Aligawanya sawasawa, ila jibu halikuwa sahihi. Ndipo binti aliyepima paa, ambaye wakati wa kuwasilisha alisema machache kuliko wote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, unauliza kuhusu mwaka wa kawaida au mwaka wa ukame?"

Sikuhitaji kumuuliza kitu kingine. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu ndani ya swali lake la kurudisha kuna karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kumtambua aliyeielewa kazi nzima na aliyeelewa kipande chake tu. Tarakimu nimezirekebisha kidogo ili msomaji azifuate bila kikokotoo, lakini kazi ilikuwa ya namna hiyo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuona swali linagusa wapi.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi saba inayofuata ni mikavu. Kikundi kilitumia mvua ya milimita 560 kwa mwaka wa kawaida. Aliyeshughulikia mvua ndiye aliyeileta tarakimu hiyo. Wa pili alipima paa la madarasa na kupata mita za mraba 400. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: 560 mara 400 ni lita 224,000. Si zote zinazofika kwenye tangi. Nyingine huruka nje ya gata, nyingine hukauka juu ya bati lenye joto, na zile za mwanzo zenye vumbi na kinyesi cha ndege humwagwa makusudi. Kikundi kilichukua asilimia 80, kiwango cha kawaida kwa paa la bati. Zinabaki lita 179,200.

Wa tatu alikuwa wa matangi. Shule ina wanafunzi 280, na walikadiria lita 3 kwa kila mtoto kwa siku, za kunywa na kunawa mikono. Hizo ndizo lita 840. Mwaka wa masomo una siku 194, na kikundi kilihesabu kwamba 120 kati ya hizo huangukia miezi mikavu na 74 huangukia msimu wa mvua. Siku 120 mara lita 840 ni lita 100,800. Wakaamua matangi kumi ya plastiki, kila moja lita 10,000. Wa nne alitafuta bei za matangi, gata, mabomba na fundi. Wa tano aliandika ripoti, akachora michoro na kuunganisha yote.

Ukitazama mgawanyo huo utaona kila mtu ana kitu cha kujivunia na hakuna aliyelazimika kusoma ukurasa wa mwenzake. Wa mvua alitoa 560 akaenda zake. Wa paa alitoa 400. Wa matangi alihesabu mahitaji kwa kutumia idadi ya watoto na siku, hata mvua hakuigusa. Kazi imekamilika, ripoti ni nzuri, na huenda hakuna hata mmoja anayejua kama mfumo utafanya kazi.

Sasa rudi kwenye swali la tangi. Mwaka wa kawaida paa linatoa lita 179,200. Wakati wa mvua wenyewe watoto wanakunywa: siku 74 mara 840 ni lita 62,160. Ukiziondoa, zinabaki lita 117,040 za kuvukia kiangazi. Matangi kumi yanabeba 100,000 tu, kwa hiyo lita 17,040 zinafurika na kumwagika. Tangi la kumi na moja likiwekwa, litajaa. Lakini kiangazi kinahitaji lita 100,800, na matangi kumi tayari yana 100,000. Upungufu ni lita 800, chini kidogo ya siku moja. Kwa hiyo katika mwaka wa kawaida tangi la ziada linaziba pengo la siku moja, na lita 9,200 zilizosalia zinakaa tu hadi mvua mpya ije kuzimwaga.

Chukua sasa mwaka ambao mvua imepungua kwa robo, kipimo kikafika milimita 420. Paa linatoa lita 134,400. Ondoa 62,160 za msimu wa mvua, zinabaki 72,240. Hizo ni siku 86 za kiangazi. Watoto wanakosa maji kwa siku 34 za masomo, zile za mwisho kabla mvua hazijarudi. Na matangi? Matangi kumi hayajajaa. Yana nafasi tupu ya lita 27,760. Ukiongeza tangi la kumi na moja, unaongeza nafasi tupu nyingine ya lita 10,000. Siku zilizoongezeka ni sifuri.

Ndiyo maana yule binti aliuliza ni mwaka gani. Hakuwa anatafuta muda wa kufikiri. Alikuwa ameona kwamba swali langu halina jibu mpaka mvua itajwe, yaani alikuwa ameunganisha kichwani ukurasa wa mvua, ukurasa wa paa na ukurasa wa matangi. Wa matangi alijibu siku 12 kwa sababu, kwake, tangi likiwepo maji yamo. Maji yanatoka kwenye ukurasa wa mtu mwingine, na ukurasa huo hajawahi kuusoma kama mtu ambaye kazi yake inautegemea.

Wahadhiri na wakufunzi wengi tunauliza maswali ambayo hayawezi kuonyesha tofauti hiyo. "Eleza kwa kifupi mradi wenu unahusu nini" ni swali ambalo hata aliyedandia kikundi siku mbili kabla ya kuwasilisha atalijibu, kwa kuwa muhtasari uko ukurasa wa kwanza. "Wewe ulifanya sehemu gani?" linampa mtu nafasi ya kusema hasa kile alichokariri. Maswali ya maana ya maneno, kama kueleza kuvuna maji ni nini, yanapima desa. Na lile la "mlipata changamoto gani?" huzaa majibu yanayofanana kikundi hadi kikundi: muda ulikuwa mfupi, nauli ilikuwa tatizo.

Swali linalofaa hukaa kwenye kiungo, pale kitu kinapotoka mikononi mwa mtu mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Kabla kikundi hakijaingia, mimi huchukua karatasi na kuchora vipande vya kazi yao, kisha naandika juu ya kila mshale kinachopita. Kwa kikundi hiki: kutoka mvua kwenda kwenye maji yanayopatikana, milimita 560. Kutoka paa, mita za mraba 400. Kutoka kwa watoto kwenda matangi, lita 840 kwa siku. Kutoka matangi kwenda bei, idadi ya matangi. Mishale haizidi sita au saba katika kazi nyingi za kikundi, na kuichora hunichukua kama dakika kumi. Kisha natafuta swali ambalo mtu hawezi kulijibu bila kuvuka mishale miwili au zaidi. Swali la tangi linavuka minne.

Kuna mshale ambao haupo kwenye ripoti, na huo ndio wenye mali. Katika ripoti ile hapakuwa na mstari wowote unaounganisha maji yanayopatikana na ukubwa wa matangi. Upande mmoja uliandika 179,200, upande mwingine 100,800, kila tarakimu kwenye sura yake, na hakuna aliyeziweka pamoja kwenye sentensi moja. Kiungo kinapokosekana kwenye maandishi, muulize mtu akivuke kwa mdomo. Aliyeelewa atakivuka mbele yako, hata kama hajawahi kukiandika. Asiyeelewa atabaki ukingoni na kutafuta nani wa kumrushia.

Nani aulizwe nini? Hapa watu hutofautiana, na mimi nina msimamo. Swali la kwanza simuulizi mwenye sehemu, namuuliza jirani yake kwenye ule mchoro. Aliyeshughulikia bei namuuliza kuhusu idadi ya matangi, wa matangi namuuliza kuhusu paa, wa paa namuuliza kuhusu mvua. Lakini sivuki mpaka. Si haki kumuuliza wa mvua gata linafungwaje kwenye mbao, au lazima liwe na mteremko kiasi gani kufikia tangi. Hilo ni la mwenye gata. Kuelewa kazi nzima hakumaanishi kuweza kuifanya kazi ya kila mwenzako. Maana yake ni kujua kila sehemu inapokea nini, inatoa nini, na inavunjika lini. Mkufunzi asipoweka mpaka huo, maswali yake yanageuka kuwa mtihani wa kukariri kurasa 34, na atakayefaulu ni mwenye kumbukumbu nzuri.

Swali la pili nililowauliza lilikuwa la paa. Nilimwambia kijana wa matangi: "Nikipanda juu ya lile paa na futikamba, nikapima bati lenyewe pande zote mbili, nitapata mita za mraba 440. Ninyi mmeandika 400. Nani amekosea?"

Hili ni swali zuri kwa sababu jibu lake la haraka linavutia. Mtu anayesimamia ukurasa wake tu husema mwenzake amekosea, au husema "labda walikadiria". Ukweli ni kwamba hakuna aliyekosea. Paa lina mteremko, kwa hiyo bati ni pana kuliko eneo lililofunikwa chini yake. Kila jengo lilikuwa na urefu wa mita 25 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 200, na majengo yalikuwa mawili. Bati lenyewe, kutoka kwenye kilele hadi ukingoni, lilikuwa mita 4.4 kila upande badala ya 4. Mvua huhesabiwa kama maji yanayoanguka wima, na paa hukinga maji sawa na kivuli chake jua likiwa utosini. Ndiyo maana unapima chini, si juu.

Kijana alifikiri kidogo, akasema hajui. Nikamruhusu amuulize mwenye paa, naye akamweleza kwa mfano wa kivuli. Kisha nikarudi kwa kijana: "Sasa chukua kwamba kikundi kingeandika 440 kimakosa. Katika mwaka wa ukame tuliozungumzia, ripoti ingesema watoto watakosa maji siku ngapi?"

Nilimpa dakika tatu na kalamu. Alipata 18. Milimita 420 mara 440, asilimia 80 yake ni lita 147,840, ondoa 62,160, zinabaki 85,680, pungufu ya lita 15,120 kwenye hitaji la 100,800. Siku 18. Kisha akasema bila kuulizwa: "Lakini kweli zingekuwa 34. Shule ingejiandaa kwa karibu wiki nne na ingekaa bila maji karibu wiki saba." Alikuwa amehesabu siku za masomo kwa wiki za siku tano. Kwa mtu ambaye dakika kumi nyuma alinipa jibu la siku 12, hiyo ilikuwa hatua kubwa, nami nilimwandikia alama zake.

Hapa nataka kusema jambo ambalo nilichelewa kulijua. Kutojua papo hapo si sawa na kutoelewa. Swali la kiungo linaweza kuwa linamkuta mtu kwa mara ya kwanza, na kazi yake ni kutembea kutoka kipande hadi kipande. Kwa hiyo namruhusu afungue ripoti. Namruhusu aulize mwenzake ukweli mmoja, kama tarakimu au sababu ya kipimo. Nisichoruhusu ni mwenzake kujibu swali lenyewe. Ukitazama vidole vyake vinavyofungua kurasa utajifunza mengi: aliyesoma kazi nzima anaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mvua, kwa sababu anajua tarakimu anayoihitaji inaishi wapi. Asiyesoma anafungua ukurasa wake, anaukodolea macho, kisha anaanza kutafuta kuanzia yaliyomo.

Mtu wa kuangaliwa kwa makini zaidi ni aliyeandika ripoti. Yeye huonekana anajua kila kitu. Maneno yote yamepita mikononi mwake, anajua kila sura inaanzia wapi, na wenzake wakikwama yeye ndiye anayewaokoa kwa sentensi safi. Nilimuuliza huyu: "Ukurasa wa 19 mmeandika lita 100,800 na ukurasa wa 22 mmeandika matangi yenye jumla ya lita 100,000. Lita 800 zimekwenda wapi?" Alisema ni makadirio tu, tofauti ni ndogo. Lita 800 ni maji ya siku nzima ya watoto 280, pungufu ya lita 40. Tena kila tangi lina maji yanayobaki chini ya koki ambayo hayatoki kirahisi, kwa hiyo upungufu halisi ni mkubwa zaidi. Aliyeandika alizipitisha tarakimu hizo mbili, kurasa tatu tu kati yao, bila kuziona zinagombana. Kuunganisha maandishi ni kazi ngumu na sitaki kuidharau, lakini ni kazi tofauti na kuunganisha mawazo. Ukiwapa alama kwa ufasaha wa kuzungumza, huyu atapata nyingi kuliko binti wa paa, na utakuwa umekosea.

Ufasaha ni tatizo kubwa hasa kwetu. Vyuoni tunafundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wanawasilisha kwa Kiingereza walichokifanyia mazoezi usiku uliopita. Swali la kiungo linawatoa nje ya mazoezi hayo. Nimeona mwanafunzi akikaa kimya kwa nusu dakika, nikadhani hajui, kumbe anajenga sentensi. Siku hizi naliuliza swali kwa Kiswahili na napokea jibu kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko wowote anaoutaka. Tangu nifanye hivyo, baadhi ya niliowahesabu kuwa wadandiaji wamegeuka kuwa ndio waliojua mfumo unapovuja. Binti wa paa alikuwa mmoja wao.

Vikundi vikiwa vingi, kuhoji kila mtu kwa mdomo hakuwezekani. Darasa la wanafunzi 150 ni vikundi 30, na kila kimoja kikichukua dakika 25 unamaliza siku mbili na zaidi. Ninachofanya hapo ni karatasi moja. Wanakikundi wote wanakaa mbali mbali, kila mmoja na nakala ya ripoti yao, wanapewa swali moja la kiungo na dakika 15. Linakuwa lilelile kwa wote watano. Ukizisoma karatasi tano pamoja, kikundi kinajifichua. Kwenye swali la tangi utakuta wanaoandika siku 12 na kusimama hapo. Utakuta anayeandika siku moja, akaonyesha lita 17,040 zinazofurika na lita 800 zinazokosekana: huyu ameunganisha vipande, ila kwa mwaka wa kawaida tu. Na utakuta anayeandika kwamba inategemea mwaka, akaonyesha kwamba ukame ukija tangi litabaki tupu. Karatasi zote tano zikisema siku 12, tatizo si la mtu mmoja. Kikundi hakikuwahi kukaa pamoja, kiligawana kazi mlangoni na kukutana tena siku ya kuchapa.

Maswali haya huvuja. Kikundi cha asubuhi kikitoka, cha mchana kimeshajua kwamba "anauliza tangi la ziada, sema sifuri". Kwa sababu hiyo nabadilisha upande wa swali, siyo tarakimu pekee. Kikundi kingine niliwaambia: "Mfumo huuhuu, bila kubadili idadi ya watoto, tuupeleke Bukoba. Ni ukurasa upi wa ripoti yenu unabadilika kwanza, na matangi yataongezeka au yatapungua?" Bukoba mvua ni nyingi mara kadhaa kuliko Dodoma na hunyesha karibu mwaka mzima. Aliyekariri husema mvua ni nyingi, kwa hiyo matangi yawe mengi. Aliyeelewa anaona kwamba tangi kazi yake ni kuvusha siku kavu, na mahali ambapo siku kavu ni chache tangi dogo linajazwa tena na tena. Maji yaliyovunwa yanaongezeka huku matangi yakipungua. Mtu hawezi kulisema hilo kama hajui kwamba ukubwa wa tangi ulitoka kwenye zile siku 120.

Swali lingine linalogoma kuvuja ni la kilichoachwa. "Kabla ya matangi kumi ya plastiki, mlifikiria nini, na nani alikataa?" Wale waliokaa pamoja wanajibu mara moja, mara nyingi kwa kupishana maneno: tulifikiria tangi moja la saruji, fulani akasema likipata ufa maji yote yanaondoka, matangi kumi moja likipasuka tunabaki na tisa. Wasiokaa pamoja wanatazamana. Lakini swali hili lina udhaifu wake, nami silipi alama nyingi: mtu anaweza kuwa alikosa kikao kile kwa ugonjwa na bado akaielewa kazi kuliko waliokuwepo.

Kuhusu alama zenyewe, natoa 60 kwa kazi ya kikundi, sawa kwa wote, na 40 kwa majibu ya mtu mmoja mmoja. Nilipokuwa natoa 10 tu kwa majibu, hakuna aliyejisumbua kusoma ukurasa wa mwenzake. Nilipopandisha hadi 40 na kuwaeleza mwanzoni mwa muhula kwamba swali litatoka kwa jirani yako, mikutano ya vikundi ilibadilika. Walianza kuulizana wenyewe. Nawaambia pia mapema kwamba kuuliza swali la kurudisha hakupunguzi alama, kwa kuwa wanafunzi wengi wamefundishwa tangu msingi kwamba mwalimu akiuliza, wewe jibu. Binti wa paa alinyoosha mkono kwa woga. Alidhani ananikosea adabu.

Kikundi kile hakikuondoka hivihivi. Kilichokuwa kimebaki ni siku zile 34 za ukame, na tangi tulikuwa tumeshalikataa. Nikawauliza wote kwa pamoja wangependekeza nini. Wa bei, aliyeanza kwa kunitajia gharama ya tangi, ndiye aliyesema: "Kama tunakosa maji na si nafasi, tuongeze paa." Wa mvua akachukua kalamu. Milimita 420, asilimia 80, kila mita ya mraba inatoa lita 336. Zinakosekana lita 28,560. Akagawanya na kupata mita za mraba 85 kamili. Binti wa paa akakumbuka nyumba ya mwalimu, upande wa pili wa uwanja, ambayo walipita karibu nayo siku ya kupima na hawakuiandika popote. Kwa macho aliikadiria 90. Wa matangi akatahadharisha kwamba kwa paa hilo maji yatafika lita 102,480, na matangi kumi yatajaa kwa mara ya kwanza katika mwaka wa ukame. Wa bei alikuwa ameshaanza kuhesabu mita za gata na bomba la kuvusha maji kutoka ng'ambo ya uwanja.

Mwandishi aliomba siku mbili za kurekebisha ripoti. Niliwapa nne, ili warudi shuleni na futikamba.